Niweke sekunde ngapi? Kampeni ya simu tu kwa anayeuza kwa mdomo

*Shikamoo kaka. Mimi na mume wangu tuko Leicester, tunasafirisha mapipa na maboksi ya watu kwenda Mombasa na Dar. Hatuuzi kitu mtandaoni, kila mteja tunamalizana naye kwa simu. Tuna kampeni ya Google ya simu tu. Mwezi uliopita Google inasema nimepata konvesheni 96, yaani simu inazozihesabu kuwa za mteja, daftari langu lina wateja 18. Kikomo cha urefu wa simu ili ihesabiwe kiko sekunde 60. Jirani yetu anayevuta magari yaliyoharibika anasema nishushe hadi 30, mume wangu anasema nipandishe hadi dakika tano. Nifuate nani? Nimekuambatanishia orodha ya simu na daftari.*

Marahaba dada. Usimfuate yeyote kati yao. Weka sekunde 180, lakini usiende kubadilisha leo usiku. Kuna mambo mawili ya kufanya kwanza, na usipoyafanya utanilaumu mimi.

Jirani yako hajakosea, ila anazungumzia biashara yake. Mtu aliyekwama kando ya barabara hana nafasi ya hadithi. Anasema gari limezima, niko mahali fulani, bei gani, njoo. Sekunde 70 na kazi imepatikana. Kwake yeye simu ya dakika sita ni ya mtu anayelalamika kwamba bampa limekwaruzwa. Kwako ni kinyume. Mtu anayetaka kupeleka pipa kwa mama yake Kisauni anauliza bei, anauliza kama mtalifuata nyumbani, anauliza kama sabuni na mchele vinaweza kukaa pipa moja, anauliza meli inaondoka lini na nani atalipia bandarini. Hakuna anayeyamaliza hayo kwa dakika moja. Hizo sekunde 60 ulizozikuta si ushauri wa mtu aliyeijua biashara yako. Ndizo Google inazoziweka yenyewe usipogusa kitu, kwa muuza maua na kwa wakili vilevile.

Kabla sijaigusa orodha yako niliipigia laini yenu, Jumanne asubuhi, nikiwa na saa mkononi. Sikupitia tangazo, nisingependa kukulipisha. Ikapokea sauti iliyorekodiwa: karibu, jina la biashara, kwa Kiingereza bonyeza moja, kwa Kiswahili bonyeza mbili. Sekunde 26. Nikabonyeza mbili, muziki sekunde 11. Akapokea mumeo. Habari za asubuhi, nzuri, za nyumbani, salama, baridi je huko, aa tunavumilia. Nilipotamka neno "pipa" kwa mara ya kwanza, saa ilisoma sekunde 71.

Hapo ndipo penye tatizo lako lote. Google huanza kuhesabu muda pale simu inapopokewa, na kwa Google hata ile sauti iliyorekodiwa ni mpokeaji. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anatafuta namba ya kampuni nyingine kabisa, akabofya tangazo lako kwa haraka, akasikiliza sauti, akasikiliza muziki, akajibu salamu, kisha akaambiwa "hapana ndugu, hapa siyo", keshapita sekunde 60 na keshahesabiwa kuwa konvesheni. Ujumbe wa sauti ni hivyohivyo. Laini ikiwa na kisanduku cha kuachia ujumbe na mtu akaongea humo kwa sekunde 65, kwenye ripoti ni simu iliyopokewa, na kwa kikomo chako ni ushindi.

Sasa orodha. Nimechukua simu za wiki nne ulizotuma nikazioanisha na daftari, mauzo moja baada ya jingine. Nieleze nilivyofanya, kwa sababu utairudia kazi hii mwenyewe.

Ripoti inaitwa `Call details`, utaikuta ndani ya `Report editor`. Inakupa saa simu ilipoanza, urefu wake kwa sekunde, na kama ilipokewa au ilikosekana. Namba kamili ya mpigaji haikupi. Namba hiyo iko kwenye simu yako ya mkononi, katika orodha ya waliopiga. Kwa hiyo kiungo kati ya ripoti na daftari ni saa: mteja aliyeandikwa kwenye daftari anatafutwa kwenye orodha ya waliopiga, na dakika aliyopiga inatafutwa kwenye ripoti.

Nilipoteza jioni nzima hapo, na nacheka sasa lakini jioni ile sikucheka. Daftari lako limeandikwa "saa nne na dakika kumi". Ripoti haina simu yoyote ya 04:10, na nani angepiga alfajiri ile? Ni saa nne yetu, yaani 10:10. Ukitaka mtu mwingine akusaidie hesabu hizi, andika saa kwa mtindo wa saa 24. Angalia pia akaunti yako ya Google iko kwenye saa za nchi gani. Yako iko London, vizuri. Nimekutana na akaunti za ndugu zetu walizofunguliwa na mtu wa Nairobi, na ripoti yote inatangulia kwa saa mbili majira ya joto na saa tatu majira ya baridi. Mtu anaoanisha mteja na simu ya mtu mwingine kabisa bila kujua.

Jambo la pili katika kuoanisha: mauzo ni ya simu ya kwanza. Mteja akipiga kupitia tangazo, akasema "nipigie baadaye niko kazini", kisha wewe ukampigia jioni mkakubaliana, Google haiioni simu yako ya jioni. Inaiona ile ya asubuhi peke yake. Kwa hiyo kwenye jedwali mauzo hayo yanaandikwa kwenye mstari wa simu ya asubuhi hata kama ilikuwa fupi.

Haya ndiyo yaliyotoka. Ulilipia mibofyo 240 kwa pauni 720, yaani pauni 3 kila mmoja. Simu zilizofika ni 160, ambazo hazikupokewa ni 22, zilizopokewa ni 138. Hizo 138 zimegawanyika hivi:

| Urefu wa simu | Simu | Mauzo |
|---|---|---|
| chini ya dakika 1 | 42 | 0 |
| dakika 1 hadi 2 | 34 | 1 |
| dakika 2 hadi 3 | 20 | 1 |
| dakika 3 hadi 4 | 12 | 3 |
| dakika 4 hadi 6 | 14 | 7 |
| zaidi ya dakika 6 | 16 | 6 |

Soma kutoka chini kwenda juu. Ukiweka kikomo dakika tatu, simu zinazohesabiwa ni 42, na ndani yake mna mauzo 16 kati ya 18. Karibu simu nne katika kila kumi ni mteja. Ukibaki na sekunde 60, zinahesabiwa 96, na wateja ni chini ya wawili katika kumi. Zile simu 54 zilizo kati ya dakika moja na tatu zilikuletea wateja wawili tu, lakini Google inaamini kila moja ni sawa na mteja wa pipa mbili.

Na hilo "Google inaamini" si maneno ya kupamba. Kampeni yako inanunua mibofyo kwa lengo la gharama: umeiambia ilete konvesheni kwa pauni 8, nayo inatimiza, 720 ukigawa kwa 96 ni pauni 7 na nusu. Ilichofanya ni kujifunza ni maneno gani ya utafutaji, saa zipi na sehemu zipi huleta simu inayovuka sekunde 60 kwa bei rahisi. Simu rahisi zaidi kuipata ni ya mtu aliyepotea. Nimeangalia maneno yaliyoleta simu zile za dakika moja hadi mbili, na mengi ni ya watu wanaotafuta namba ya kampuni kubwa ya vifurushi, au wanaotaka kufuatilia kifurushi kilichonunuliwa mtandaoni. Mashine haijakosea. Imefanya ulichoiomba.

Basi kwa nini nisikubaliane na mumeo, tukapandisha hadi dakika tano? Kwa sababu mbili, na ya kwanza iko kwenye mstari wa mwisho wa jedwali. Zaidi ya dakika sita mna simu 16 na mauzo 6 tu. Mtu angedhani simu ndefu kuliko zote ndizo zenye wateja wengi kuliko zote, lakini uwiano wake hauzidi ule wa simu zote za dakika tatu na kuendelea. Nikaziangalia zile kumi zisizo na mauzo. Saba ni namba zilizomo tayari kwenye daftari lako la miezi ya nyuma. Ni wateja waliokwishalipa, wanauliza mzigo umefika wapi. Badala ya kutafuta risiti wanaandika jina la biashara yenu kwenye simu, tangazo linatokea juu, wanabofya, unalipa pauni 3, kisha mumeo anaongea nao dakika nane kwa sababu meli imechelewa na mtu ana hasira. Urefu wa simu unapima mazungumzo tu, na kwenye biashara ya mizigo mazungumzo marefu kuliko yote ni ya malalamiko.

Sababu ya pili ni kwamba mashine inahitaji chakula. Wengi wetu tunaofanya kazi hii tunachukua konvesheni 30 kwa mwezi kama mpaka wa chini wa kuiachia Google inunue yenyewe kwa lengo la gharama. Kwa dakika tatu unabaki na 42. Kwa dakika nne ni 30, uko ukingoni. Kwa dakika sita ni 16, na mwezi wa Ramadhani au Januari, watu wakiwa hawana pesa, zitakuwa sita. Niliwahi kumwekea mteja mmoja wa bima kikomo cha sekunde 300 kwa sababu jedwali lake lilipendeza pale, nikaona nimefanya jambo la maana. Konvesheni zilishuka zikawa mbili au tatu kwa wiki, mashine ikakosa la kujifunza, ikawa inatumia bajeti leo na kesho haitumii chochote. Wiki ya tatu alinipigia yeye mwenyewe. Simu yake ilizidi sekunde 300 kwa mbali.

Kwa hiyo kikomo kizuri ni mahali ambapo simu nyingi za bure zimekwisha kukatika na mauzo mengi bado yamo ndani. Usihangaike na wale wateja wawili walioachwa nje. Hujawapoteza, pesa yao umepokea. Ni kwamba hawakuhesabiwa kwenye mafunzo ya mashine, na wawili kwa mwezi hawabadilishi kitu.

Sasa yale mambo mawili ya kufanya kabla.

La kwanza ni sauti iliyorekodiwa. Kama unataka kuiondoa, iondoe kabla ya kuweka kikomo, kwa sababu kila sekunde inayotangulia mazungumzo imo ndani ya jedwali hili. Ukiondoa zile 26 pamoja na muziki wa 11, kila simu inapungua kwa sekunde 37, na mpaka uliokuwa 180 unakuwa karibu 145. Ukiweka 180 leo kisha mumeo akaizima sauti mwezi ujao, utaanza kuwakata wateja halisi bila kujua kwa nini. Mimi ningeiondoa. Mtu anayelipiwa pauni 3 ili apige simu hastahili kusikilizishwa muziki. Ila Google inataka anayepokea simu ya tangazo ataje jina la biashara kama lilivyo kwenye tangazo, na sasa hivi sauti ndiyo inayofanya kazi hiyo. Ikiondoka, mumeo hawezi tena kupokea kwa "haloo, nani mwenzangu". Ataje jina kwanza, salamu zifuate.

Ukisikia kwamba kuna simu zinazopotea kwa sababu mnazungumza na mwingine, ndipo sauti inapokuwa na maana, na basi iache na kikomo kibaki 180. Chagua moja.

La pili ni wale wanaouliza mizigo. Weka jina la biashara yenu kwenye maneno ya kuzuia katika kampeni hii, pamoja na `track`, `tracking` na majina ya zile kampuni kubwa za vifurushi. Kwenye risiti na kwenye pipa lenyewe andikeni namba nyingine, hata kama ni ya WhatsApp, kwa ajili ya kuuliza mzigo. Hutawamaliza wote, maana wapo ambao namba yako hawataihifadhi hata uwaandikie usoni, lakini simu saba za dakika nane kwa mwezi zikishuka zikawa mbili, uwiano wako utapanda wenyewe bila kugusa kikomo.

Baada ya hapo, kubadilisha kwenyewe. Unaweza kuhariri kitendo cha konvesheni cha zamani cha `Calls from ads` ukaandika 180, au 145 kama umeiondoa sauti, mahali pa 60, na kitafanya kazi kwa simu zitakazokuja. Zilizopita hazihesabiwi upya. Ndiyo maana mimi napendelea kuunda kitendo kipya, nikakipa jina linalojieleza, mfano "Simu dakika 3", kisha naingia kwenye kampeni na kwenye tangazo nachagua kitumike hicho. Cha zamani nakishusha daraja kiwe cha kuangalia tu, kisijumlishwe kwenye safu ya `Conversions`. Ukihariri cha zamani, baada ya miezi miwili utatazama grafu iliyoporomoka na hutakumbuka kama ni biashara iliyokufa au ni wewe uliyebadilisha tarehe fulani. Pale panapouliza kuhesabu, chagua moja kwa kila mbofyo. Mteja akikatikiwa na mtandao akapiga tena, ni mteja yuleyule.

Hapa ndipo wengi huanguka: lengo la gharama libadilishwe siku hiyohiyo. Pauni 720 ukigawa kwa simu 42 ni pauni 17. Hujaanza kulipa zaidi. Kila mteja aliyenunua alikugharimu pauni 40 mwezi uliopita na bado ni 40, kilichobadilika ni unachokiita konvesheni. Lakini mashine haijui hivyo. Ukiiacha na lengo la pauni 8 wakati kila konvesheni mpya inagharimu 17, itaona inazidisha gharama maradufu, itaanza kupunguza dau kila mahali, na ndani ya siku chache tangazo halionekani. Ukiona idadi ya mara tangazo lilipoonyeshwa inaanguka siku ya tatu au ya nne, sababu ni hiyo karibu mara zote. Anza na pauni 18, juu kidogo ya hesabu, uiache wiki mbili bila kuigusa. Nasema bila kuigusa nikijua kwamba siku ya tano utataka kuigusa.

Katika wiki hizo mbili usiogope ukiona simu zote kwa jumla zimepungua. Ndilo tunalotaka. Zikipungua zile fupi na zile za dakika nne zikabaki palepale, mashine imeelewa.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna pesa nyingine kwenye orodha yako ambazo kikomo hakiwezi kukurudishia. Mibofyo 240, simu 160. Ile 80 iliyobaki si wizi. Mtu akigusa tangazo la simu tu, simu yake inafungua mahali pa kupigia na namba yako ikiwa imeshaandikwa, kisha inabidi abonyeze tena ili ipige. Wengine hurudi nyuma hapo, na mguso wa kwanza umeshalipiwa. Huwezi kuumaliza upotevu huu. Unaweza kuupunguza kwa kuandika bei ya kuanzia kwenye maelezo ya tangazo, ili asiyekuwa na uwezo au anayetafuta kitu kingine asiguse kabisa. Una mistari miwili ya maelezo, herufi 90 kila mmoja, na sasa hivi yote miwili inasema huduma bora na ya kuaminika. Futa mmoja, weka bei ya pipa na siku za kuchukua mizigo.

Zile 22 zisizopokewa nazo, 15 zimepigwa baada ya saa kumi na mbili jioni (nimeandika kwa saa zetu, unaona ninavyokutesa). Ni 18:00 na kuendelea. Ama mtu apokee jioni, ama ratiba ya matangazo ifungwe saa ileile mnapofunga simu. Kwa biashara yenu ningejitahidi kupokea jioni, maana wateja wenu wengi wako kazini mchana, na ndiyo hao wa "nipigie baadaye".

Kuhusu kuipelekea Google mauzo yenyewe badala ya urefu wa simu: inawezekana, na wewe unayo daftari, kwa hiyo ungeweza kuanza kesho. Unapakia faili lenye namba ya mpigaji na saa aliyopiga, Google inatafuta simu hiyo kwenye kumbukumbu zake na kuiunganisha na neno lililoileta. Faili lenyewe linakaa hivi:

```
Parameters:TimeZone=Europe/London
Caller's Phone Number,Call Start Time,Conversion Name,Conversion Time,Conversion Value,Conversion Currency
+447700900123,2026-03-10 10:10:00,Mauzo ya simu,2026-03-10 19:30:00,145,GBP
```

Saa ya kwanza ni ya simu, ya pili ni ya makubaliano. Namba lazima ianze na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi. Lakini kwa mauzo 18 kwa mwezi nisingeiachia mashine inunue kwa kufuata hayo, ni machache mno. Yapakie kama kitendo cha kuangalia tu. Faida yake ni kwamba baada ya miezi mitatu utaona neno gani lilileta pesa, na huhitaji tena kukaa na orodha ya waliopiga usiku kucha. Siku mauzo yakifika 30 au 40 kwa mwezi, tutazungumza upya, na pengine kikomo cha sekunde hakitakuwa na kazi tena.

Jambo la mwisho, na hili huenda hujaambiwa. Google imetangaza kwamba kuanzia Februari 2026 haiwezekani kuunda tangazo jipya la kupiga simu tu, na yaliyopo yataendelea kuonyeshwa hadi Februari 2027 kisha basi. Mahali pake ni tangazo la kawaida la utafutaji lenye nyongeza ya simu. Tofauti utakayoiona ni kwamba mtu ataweza kugusa kichwa cha habari akaenda kwenye tovuti yenu badala ya kupiga. Kwa hiyo tovuti itabidi iwepo, iwe na namba juu kabisa, na simu zitakazotoka humo zihesabiwe kwa kitendo cha pili, kile cha `Calls to a phone number on your website`, ambacho kinahitaji msimbo uwekwe kwenye kurasa. Kikomo kwenye vyote viwili kiwe kilekile mwanzoni. Kisha tengeneza jedwali jipya kwa simu za tovuti peke yake, maana mtu aliyekwisha kusoma bei kwenye ukurasa hupiga simu fupi zaidi, na dakika tatu zinaweza kuwa nyingi kwake.

Anza na sauti iliyorekodiwa na maneno ya kuzuia wiki hii, kikomo na lengo la gharama Jumatatu ijayo. Wiki sita baadaye nitumie tena orodha na daftari niangalie kama uwiano umebaki wanne katika kumi. Na saa, tafadhali, uandike 10:10.